Radhi Iliyoishia Njiani

Ijumaa ya tarehe 9 Agosti 2013, Tim Armstrong, mtendaji mkuu wa kampuni ya intaneti ya AOL ya Marekani, aliongea na wafanyakazi wa Patch, kitengo cha tovuti za habari za miji na vitongoji kilichokuwa chini yake. Watu wapatao elfu moja walikuwa wakimsikiliza, wengi wao kwa simu. Habari hazikuwa njema. Patch ilikuwa ikila hasara, na mamia ya tovuti zake zilikuwa mbioni kufungwa au kukabidhiwa wengine. Kabla mazungumzo hayajafika mbali, mkurugenzi wa ubunifu aliyekuwa ukumbini akainua kamera ampige picha. Armstrong akamwamuru aishushe, na papo hapo akamfukuza kazi mbele ya wote. Kisha akaendelea na maelezo yake.

Rekodi ya sauti ilivuja, na mwisho wa juma haukupita kabla dunia haijaisikia. Jumanne, tarehe 13, Armstrong akawaandikia wafanyakazi barua pepe ya kuomba radhi.

Barua hiyo inafaa kusomwa na kila meneja aliyewahi kufoka kikaoni, kwa sababu nusu yake ni nzuri kweli. Armstrong hakuzunguka. Alitaja siku, akataja kikao, akamtaja aliyefukuzwa kwa jina, na akakiri kwamba alikosea kumfukuza hadharani. Alikubali kwamba yeye kama kiongozi ndiye wa kuulizwa, na kwamba kiutu hakumtendea haki mwenzake. Akaongeza kuwa tayari alikuwa amezungumza na mhusika na kumwomba radhi yeye mwenyewe kwanza.

Halafu barua ikageuka. Armstrong akaanza kueleza kwamba vikao vya siri havipaswi kurekodiwa, kwamba mtu yule alikwisha kuonywa, na kwamba kurudia kosa ndiko kulikomsukuma yeye kufanya alichofanya. Huenda yote hayo yalikuwa kweli. Lakini msomaji aliyefika hapo alijikuta anasoma mashtaka ya aliyefukuzwa, ilhali barua ilianza kwa kumtetea. Na kazi yake hakurudishiwa. Aliyepoteza ajira mbele ya watu elfu moja aliambulia maneno, tena maneno yenye kidole kilichomnyooshea yeye.

Mwaka 2016, watafiti walioongozwa na Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walichapisha utafiti uliohusisha watu 755. Waliigawa radhi katika sehemu sita: kueleza majuto, kueleza kilichotokea, kubeba lawama, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Wahojiwa waliipa uzito mkubwa zaidi sehemu ya kubeba lawama, ikifuatiwa na kurekebisha. Kuomba msamaha ndiko kulikopewa uzito mdogo kuliko yote. Kwa mizani hiyo, Armstrong alibeba lawama vizuri kisha akaishusha nusu yake njiani, na cha kurekebisha hakukitoa.

Ofisi zetu hazina uhaba wa maneno ya kuikwepa lawama. Linaloongoza ni lile la kusema kwamba kama kuna yeyote aliyekwazika, basi naomba radhi. Meneja amefoka mbele ya watu 12, amegonga meza, wote wameona. Halafu kwenye barua anaandika kana kwamba hana hakika kama kuna aliyeumia. La pili ni shetani kunipitia. La tatu ni kwamba sisi sote ni binadamu, ambalo linawagawia kosa hata waliokaa kimya. Kila moja linatamkika kwa upole, na kila moja linamwondoa mwandishi mahali pa tukio.

Tuchukue mfano. Meneja wa kampuni ya usambazaji anauliza ripoti ya mauzo kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi. Haipo. Anamfokea ofisa wa mauzo, anamwita mzembe, anamkatiza mhasibu anayejaribu kueleza kuwa takwimu za ghala zilichelewa, kisha anatangaza kwamba ripoti hiyo atapewa mtu mwingine. Kikao kinavunjika.

Hatua ya kwanza haiandikwi. Meneja anamfuata ofisa huyo, faragha, wakiwa wawili, na kumwomba radhi kwa mdomo. Anamuuliza kama angependa kutajwa kwenye barua kwa wote. Wapo wasiotaka aibu yao irudiwe, na hiyo ni haki yao. Barua inafuata siku hiyo au kesho yake, damu ikishapoa, na inakwenda kwa watu walewale waliokuwa kikaoni. Tusi lililotolewa mbele ya 12 halifutwi kwa kunong'ona na mmoja. Wala haifai kupelekwa kwa kampuni nzima, kwa sababu wengi wa huko hawakuwa wamesikia lolote.

Barua yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

"Wenzangu, Jumatatu kikaoni nilimfokea mwenzetu wa mauzo na kumwita mzembe mbele yenu. Nilikosea. Nilimkatiza pia mhasibu alipotaka kueleza, na kwa kufanya hivyo niliwafunga midomo ninyi nyote. Wote wawili nimezungumza nao na kuwaomba radhi. Ripoti itabaki mikononi mwa aliyekuwa nayo. Niliyoyasema kuhusu kumnyang'anya nayafuta, na nimemwomba katibu asahihishe muhtasari wa kikao. Siku nyingine nikipandwa na hasira, nitaomba tupumzike dakika 10. Nisipoomba, katibu ana ruhusa yangu ya kusimamisha kikao. Nasikitika kwa nilivyowatendea."

Ripoti kuchelewa halimo humo kama kisingizio. Hilo ni suala halali la kazi, na lina kikao chake, siku nyingine, ambapo itaulizwa kwa utulivu kwa nini takwimu za ghala zinachelewa. Muhtasari nao si jambo dogo: kikao kikisahaulika, karatasi inabaki kwenye faili, na anayekuja kupandisha watu vyeo mwakani ataisoma. Ruhusa aliyopewa katibu ndiyo sehemu ngumu zaidi kwa meneja kuiandika, kwani inampa mtu wa chini yake mamlaka ya kumzuia. Ndiyo inayofanya ahadi ionekane.

Barua ikishindwa, dalili hazichelewi. Watu wanaacha kuleta habari mbaya kikaoni. Kila ripoti inakuwa nzuri mpaka siku mzigo unapokosekana ghalani. Maswali ya meneja yanajibiwa kwa vichwa kuinama, na malalamiko yanapitia kwa mtu wa tatu.

Na radhi ina kikomo. Mapema Februari 2014, miezi sita tu baada ya barua ile, Armstrong alijikuta tena matatani. Akiwaeleza wafanyakazi kwa nini kampuni inapunguza mafao ya akiba ya uzeeni, alitaja watoto wawili wachanga wa wafanyakazi ambao matibabu yao yaliigharimu kampuni fedha nyingi. Hakutaja majina, lakini wazazi walijijua. Safari hii alipoandika kuomba radhi, alitangaza katika barua hiyohiyo kwamba mabadiliko ya mafao yamefutwa. Barua ya pili ilirudisha kilichochukuliwa; ya kwanza haikurudisha. Ila wafanyakazi walioipokea walikuwa wameshasoma ya Agosti, na meneja anayeandika radhi mara mbili kwa mwaka hana budi kuacha kutafuta maneno bora na kutafuta msaada wa kuizuia hasira na ulimi wake kabla ya kikao kijacho.