Kina cha Mfereji wa Thredi ya Batresi

Skrubu ya presi inapochakaa, fundi mkereza huletewa kipande cha chuma chenye meno yaliyolika, aambiwe atoe kipya kinachofanana nacho. Kipenyo cha nje anakipima kwa venia bila shida. Kina cha mfereji ulio kati ya meno ndicho kinachosumbua: ncha za venia hazifiki vizuri chini, na hata zikifika, zinapima chuma ambacho miaka ya kazi imekwisha kukibadilisha. Kina hicho hupatikana kwa hesabu, na hesabu yenyewe inahitaji mambo matatu tu: hatua, yaani umbali kutoka jino moja hadi jingine, na pembe za mbavu mbili za jino.

Thredi ya batresi ina meno kama ya msumeno. Ubavu mmoja umesimama karibu wima, nao ndio unaobeba mzigo. Wa pili umelala, kazi yake ni kulipa jino tako nene. Sababu ya kusimamisha ubavu wa mzigo ni nati. Katika boliti ya kawaida ya milimita, ambayo kila ubavu umelala kwa digrii 30, mzigo wa kilo 100 huisukuma nati kwa nje, kana kwamba unataka kuipasua, kwa nguvu ya takriban kilo 58. Ubavu ukilala digrii 3 tu, msukumo huo hushuka hadi kilo 5 hivi. Ndiyo maana thredi hii hutumika pale mzigo unapotoka upande mmoja tu: kwenye presi, kwenye jiliwa, na kwenye mabomba yanayoshushwa ndani ya visima vya mafuta.

Tuchukue thredi ya vipimo vya Kijerumani vya DIN 513, ambayo kwenye mchoro huandikwa S 40x7. Kipenyo cha nje ni milimita 40, hatua ni milimita 7, ubavu wa mzigo umelala digrii 3 na ule mwingine digrii 30. Pembe hizi hupimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya mhimili wa skrubu.

Anza chini kabisa ya mfereji na upande juu. Kwa kila milimita moja unayopanda, ubavu wa digrii 30 unasogea pembeni milimita 0.577, na ubavu wa digrii 3 unasogea upande wa pili milimita 0.052. Namba hizo ndizo tanjenti za pembe hizo mbili. Zikijumlishwa ni 0.63: kila milimita ya kina, mfereji unapanuka kwa milimita 0.63. Ukiishika namba hiyo, mengine yote yanafuata.

Kama mfereji ungeanza kwenye ncha kali na kupanuka mpaka ujaze hatua nzima ya milimita 7, ungehitaji kina cha 7 gawanya kwa 0.63, yaani milimita 11.1. Kwa maandishi ya hesabu:

H = P / (tan a + tan b)

Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu inaonekana rahisi zaidi kujumlisha pembe kwanza na kutafuta tanjenti ya digrii 33. Kwa thredi yetu kosa hilo ni dogo, linatoa 10.8 badala ya 11.1, hivyo linaweza kupita bila kuonekana. Ila kwenye batresi ya Kimarekani, yenye digrii 7 na 45, njia hiyo hukupunguzia kimo kwa zaidi ya asilimia 12. Kila ubavu una mwendo wake wa pembeni. Itafutwe tanjenti ya kila mmoja, ndipo zijumlishwe.

Milimita 11.1 ni kimo cha pembetatu kamili, na hakuna anayekereza pembetatu kamili: ncha yake ingevunjika na mfereji ungekula kiini cha skrubu. DIN 513 inataka meno ya skrubu na ya nati yapandane kwa robo tatu ya hatua, yaani milimita 5.25. Kinachobaki katika pembetatu, milimita 5.86, hukatwa nusu juu na nusu chini. Kipande cha juu kina kimo cha milimita 2.93. Kizidishe kwa 0.63 upate upana wa kilele bapa cha jino: milimita 1.85.

Mfereji wa skrubu hushuka kidogo kupita pale meno ya nati yanapoishia, ili nati isiguse chini na mafuta yapate pa kukaa. Kwa hatua ya 7, nyongeza hiyo ni milimita 0.82. Kina kizima basi ni milimita 6.07, na kiini kinachobaki kina kipenyo cha milimita 27.85. Tundu la nati hukerezwa milimita 29.5.

Sasa upana wa chini. Juu kabisa mfereji una hatua nzima ukiondoa kilele: 7 toa 1.85, sawa na 5.15. Ukishuka milimita 6.07 unapoteza 6.07 mara 0.63, yaani 3.82. Chini panabaki milimita 1.33. Jino lenyewe, pale linaposhikana na kiini, lina unene wa milimita 5.67.

Hiyo 1.33 ndiyo inayoamua ncha ya kisu, lakini usinoe ncha bapa yenye kona kali. Kona iliyo chini ya ubavu wa mzigo ndipo jino linapovutwa zaidi, na ufa huanzia hapo. Chini panatakiwa tao moja linalogusa mbavu zote mbili na sakafu ya mfereji. Tao lenye nusu kipenyo R hula 0.949R upande wa digrii 3 na 0.577R upande wa digrii 30, jumla 1.526R. Gawanya 1.33 kwa 1.526, utapata milimita 0.87. Nusu kipenyo kinachotolewa na jedwali la DIN kwa hatua ya 7 ni hicho hicho. Tao kubwa kuliko hilo haliingii kwenye nafasi hiyo bila kupandisha sakafu au kula mbavu.

Unapokereza, shahidi wako ni kilele. Ukifika kina cha 6.07 na kilele kina milimita 1.55, ncha ya kisu ilikuwa pana kwa 0.3 na jino limekonda. Chuma hicho hakirudi. Kilele kikiwa 2.2, ncha ilikuwa nyembamba na nati haitaingia. Hapo vishawishi vya kuongeza kina ni vikubwa, lakini kufanya hivyo kunakula kiini. Sogeza kisu pembeni kwa tofauti iliyobaki, kwenye ubavu wa digrii 30, na uuache ubavu wa mzigo kama ulivyo.

Kuhusu kipande cha zamani: pima hatua kwa kuvuka meno kumi, ambayo hapa yatatoa milimita 70, na upime mwishoni mwa skrubu ambako nati haifiki. Pembe za mbavu zisome hapo hapo. Katikati, ubavu wa mzigo umesuguliwa, na digrii 3 zinaweza kusomeka kama 7. Ukihamia vipimo vya Kimarekani kwa kosa hilo, meno yatapandana kwa milimita 4.2 badala ya 5.25. Ubavu uliolala haudanganyi hivyo, kwa kuwa haukubeba mzigo: ukikuta digrii 30, uko kwenye DIN, ukikuta 45, uko kwenye ya Kimarekani.