Kuhamia, Si Kuhama

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kubadilishiwa idara ilikuwa na aya mbili tu. Wakati huo nilikuwa karani wa hesabu, na moyo wangu ulikuwa umeelekea idara ya utumishi. Niliandika hivi: "Ninaomba kuhama idara hii kwa sababu haina nafasi ya mimi kuendelea." Niliona nimesema ukweli, tena kwa adabu. Mkuu wangu wa idara aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mtoto wa meza. Hakunigombeza. Lakini kwa miezi minane iliyofuata kila nilipomwamkia alijibu "marahaba" huku macho yake yakiwa kwenye karatasi, na barua ile haikutoka mezani pake.

Baadaye nilifika huko utumishi, na kwa miaka mingi barua za namna hiyo zikawa zinapita mikononi mwangu. Nilichojifunza ni kwamba wakuu wengi hawachukizwi na ombi lenyewe. Wanachukizwa na mambo mawili: kuwa wa mwisho kujua, na kusoma barua inayowahukumu. Yote mawili yanaepukika, na ufunguo wake uko ndani ya lugha yetu. Anayehama anaonyesha anachokiacha. Anayehamia anaonyesha anakokwenda. Barua yangu ilikuwa ya kuhama.

Tuchukue mfano. Dada mmoja ni afisa wa huduma kwa wateja katika kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Ana miaka mitatu pale. Jioni anasomea mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ambayo kisheria ndiyo inayosajili watu wa fani hiyo nchini Tanzania. Sasa nafasi ya afisa ununuzi imetangazwa kwenye ubao wa ofisi, na maombi yanapokelewa kwa wiki mbili. Afanye nini kwanza?

Wengi hukimbilia kwa mkuu wa idara wanayoitaka. Wanamkuta kwenye chai, wanamwambia, "Bosi, usinisahau." Hapo ndipo mambo huharibika. Wakuu wa idara hukaa kikao kimoja kila wiki, na neno hilo halitalala. Jumatatu mkuu mmoja atamwambia mwenzake, "Nasikia binti yako anakuja kwangu," na yule asiyejua ataona aibu mbele ya wenzake. Huyo ndiye ambaye barua itapitia kwake.

Kwenda utumishi kuuliza si kosa. Ulizia kama nafasi ipo kweli, inahitaji cheti gani, na kama mshahara na cheo vitabaki vilevile. Hayo ni maswali ya taarifa, si ya kuomba. Ikitokea mkuu wa idara nyingine ndiye aliyekufuata na kukutamani, jibu liwe fupi: "Nashukuru sana. Naomba kwanza nimweleze mkuu wangu." Akiwa mtu mzima wa kazi, jibu hilo litakupandisha machoni pake, kwa sababu ataona kwamba siku moja na yeye utamtendea hivyo hivyo.

Baada ya hapo dada yetu aende kwa meneja wake, ana kwa ana, kabla ya kuandika chochote. Asimtumie ujumbe wa simu, wala asimvizie kwenye korido. Achague siku pia. Mwisho wa mwezi, wakati ripoti zinadaiwa, jambo lolote jipya huonekana mzigo. Asubuhi ya katikati ya mwezi inafaa, akiwa ameomba dakika kumi siku moja kabla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Asante. Mama, nimekuja na jambo langu, nikaona ulisikie kwangu kabla halijafika kwa mtu mwingine. Unajua nasomea ununuzi. Nafasi imetangazwa kule, na ningependa kuiomba. Nimeona si vizuri kuandika barua bila kupata maoni yako."

Meneja anaweza kunyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo huulizwa karibu kila mara: "Kwani hapa kuna nini?"

Swali hilo ndilo la kujiandaa nalo usiku uliotangulia. Anayejibu kwa kutaja kasoro, hata ndogo, amekwisha kuhama. Anayejibu "Hapana, hapa kuzuri tu" naye haaminiki, maana kama kuzuri mbona anaondoka? Jibu linalosimama ni lile linalotaja jambo moja la kweli ulilolipata kwa mkuu huyo, kisha linaonyesha linakokupeleka. Dada yetu anaweza kusema: "Mama, hapa ndipo nilipojua kwa nini wateja wanarudisha mzigo. Mara nyingi tatizo limeanzia kwenye oda, si kwenye mauzo. Hilo ndilo lililonisukuma nikasomee ununuzi." Hajasifia kwa kujipendekeza, na hajalaumu. Amemfanya meneja kuwa sehemu ya safari yake.

Kisha asubiri kusikia, na asitoke bila kuuliza: "Nikikubaliwa, ungependa niondoke lini ili kazi isiyumbe?" Nyuma ya hasira ya mkuu mara nyingi kuna hofu ya pengo. Ana malengo ya robo mwaka, na mtu wake mmoja anaondoka. Anayelitaja pengo hilo kabla hajaulizwa amemwondolea nusu ya sababu ya kukataa.

Sasa barua. Katika ofisi nyingi za Tanzania barua ya mtumishi kwenda juu huandikwa K.K., yaani kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Mkuu huyo huisoma, huandika maoni yake pembeni au chini, hutia saini, kisha huipitisha. Kwa hiyo iandike ukijua kwamba ingawa jina la juu ni la mwingine, msomaji wako wa kwanza ni yeye. Ya dada yetu inaweza kuwa hivi:

Meneja Rasilimali Watu,
K.K. Meneja wa Huduma kwa Wateja.

YAH: OMBI LA KUHAMIA IDARA YA UNUNUZI NA UGAVI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni afisa katika Idara ya Huduma kwa Wateja kwa muda wa miaka mitatu sasa. Ninaomba kufikiriwa kwa nafasi ya afisa ununuzi iliyotangazwa.

Kwa kushughulikia malalamiko ya wateja katika idara yangu, nimejifunza jinsi oda inavyoathiri huduma. Uzoefu huo ndio ulionielekeza kusomea ununuzi na ugavi, na ninaendelea na mitihani ya bodi husika.

Ombi hili nimelizungumza na meneja wangu. Likikubaliwa, niko tayari kukabidhi kazi kwa muda atakaoona unafaa, pamoja na kumwelekeza atakayepokea wateja wa jumla ninaowahudumia.

Ninashukuru kwa malezi ya kikazi niliyoyapata katika idara hii.

Wako mtiifu,

Tuitazame kwa makini. Kichwa kinasema kuhamia, na kinataja idara inayoombwa. Idara ya sasa imetajwa kama mahali pa kujifunza, wala si mahali pa kukimbiwa. Kitenzi ni "ninaomba", si "nataka" wala "nimeamua". Sababu ni moja tu. Barua yenye sababu tano huonekana kama mashtaka, hata kama kila sababu ni ya heri, na kila unayoiongeza inampa mtu nafasi ya kuipinga. Sentensi ya "nimelizungumza na meneja wangu" inamlinda meneja: anayesoma juu ataona kwamba yule mama anajua yanayotendeka katika idara yake. Lakini iandikwe tu kama mazungumzo yalifanyika kweli, tena isigeuzwe kuwa "meneja amekubali" ikiwa alisema tu "nimekusikia".

Yako maneno ambayo nimeyaona yakiua barua nzuri. "Kipaji changu hakitumiki" humwambia mkuu kwamba hajui kutumia watu. "Changamoto zilizopo" humfanya ajiulize ni zipi, na atajiwazia mabaya zaidi ya uliyoyakusudia. "Kwa muda mrefu nimekuwa nikitamani kuondoka" humfanya ahesabu miezi uliyokaa mbele yake ukitabasamu. Ukimaliza kuandika, mpe barua mtu asiyejua habari zako, umwulize: "Unadhani namkimbia nani?" Akiweza kumtaja mtu, andika upya.

Ukiiwasilisha, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa au saini na tarehe. Hiyo si dalili ya kutomwamini mtu, ni utaratibu, na itakusaidia barua ikikaa. Wiki mbili zikipita kimya, rudi kwa mkuu wako kwanza: "Mama, nilikuja kuulizia ile barua yangu, kama kuna jambo ungependa nilirekebishe." Namna hiyo unampa njia ya kutoka bila kumshtaki kwamba ameikalia. Akisema hawezi kukuachia sasa, omba jambo moja tu, nalo ni muda: baada ya nini anaweza? Akitaja tarehe au kazi ya kumalizwa, mwandikie maelezo mafupi ya kumshukuru na kuitaja tarehe hiyo. Sasa una ahadi iliyoandikwa, na haikuombwa kwa ugomvi.

Mambo mawili yasichanganywe na haya. La kwanza ni kada. Katika utumishi wa umma, mhasibu anayehamia idara nyingine akiwa bado mhasibu ni jambo moja. Mhasibu anayetaka kuwa afisa ugavi anabadilisha kada, na hilo lina vibali vyake na huweza kugusa cheo. Mwulize afisa utumishi kabla hujamsumbua mkuu wako.

La pili ni zito zaidi. Kama unaondoka kwa sababu mkuu anakudhalilisha, anakutaka kimapenzi au anakulazimisha kusaini yasiyo halali, usilifunike jambo hilo kwa maneno laini ya kuhamia. Hilo ni lalamiko, lina njia yake, na halipaswi kupita K.K. kwa yule unayemlalamikia. Upole wa barua ni kwa ajili ya mkuu ambaye hajakutendea ubaya.

Mkuu wangu alikuwa wa aina hiyo. Baada ya ile miezi minane nilikwenda ofisini kwake nikamwomba radhi kwa sentensi yangu, nikamweleza kwamba ni yeye aliyenifundisha kukagua orodha ya mishahara mstari kwa mstari, na kwamba pale ndipo nilipoanza kujali nani analipwa nini na kwa nini. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Barua ya pili niliiandika jioni ile ile. Aliirudisha kesho yake ikiwa na maoni yake ya kalamu ya bluu chini: "Napendekeza. Aondoke baada ya kufunga hesabu za mwaka. Tutamkumbuka."