Futari Huanzia Usiku wa Jana

Mfungaji wa Dar es Salaam ana nafuu moja ambayo mwenzake wa Ulaya ya kaskazini hana. Kwa kuwa mji hauko mbali na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana. Ramadhani iangukie Machi au Juni, saumu ni ya kama saa 13, kwa hiyo ratiba iliyokaa vizuri mwaka huu itafaa na mwakani. Mwanzoni mwa Machi alfajiri huingia kiasi cha saa 11:15, magharibi saa 12:40 jioni, na isha karibu na saa 2 kasoro robo usiku.

Tumchukue mama anayeuza duka Kariakoo na kuishi Mbagala. Alasiri huingia kabla ya saa 10, naye huiswali palepale dukani, kisha anapanda daladala. Kwa foleni ya jioni anafika nyumbani saa 11 na nusu. Hapo zimebaki dakika 70, na watu sita wanangoja mbaazi za nazi, muhogo, kaimati na uji wa pilipili manga. Mbaazi kavu pekee zinaweza kukaa motoni zaidi ya saa nzima. Akianza nazi, mbaazi na unga kwa pamoja muda huo, futari itachelewa, vyombo vitaoshwa baada ya tarawehe, na kitandani ataingia saa 6 usiku. Saa 10 anaamka tena kwa daku. Siku tatu za namna hiyo zinatosha kumfanya akosee kurudisha chenji.

Dawa ni kuigawa kazi ya jikoni. Usiku, kabla ya kulala, mbaazi zinalowekwa na muhogo unamenywa na kuwekwa kwenye maji. Saa 10:15 alfajiri mbaazi zinabandikwa, zinachemka wakati watu wanakula daku na kuswali. Zikilainika zinaepuliwa, zinaachwa zipoe kidogo, kisha zinaingia kwenye friji kabla hajatoka. Asiye na friji asifanye hivyo, kwa maana joto la Dar litazichachusha. Jioni akiona povu na kusikia harufu kali, ni za kumwaga. Huyo ni heri apike viazi vitamu au mbaazi mbichi, ambazo haziweki mtu jikoni muda mrefu.

Jioni anaanza na kile kinachohitaji kungoja. Unga wa kaimati unakorogwa kwanza kwa hamira na maji ya uvuguvugu, unafunikwa uumuke. Muhogo unabandikwa. Wakati huo nazi inakunwa na tui linakamuliwa: tui jepesi linaingia kwenye mbaazi mapema, tui zito mwishoni kwa moto mdogo huku likikorogwa, lisije likakatika. Zikibaki dakika 20, unga umeshapanda, mafuta yanawekwa motoni. Uji unapikwa na mtoto mkubwa, ambaye kazi yake ni kukoroga tu usishike madonge.

Adhana ikilia, sunna yenyewe inasaidia ratiba. Wanafungua kwa tende na maji, wanaswali magharibi, ndipo wanakaa mkekani. Dakika hizo chache humpa mpishi nafasi ya kuchoma kaimati za mwisho, kisha naye aswali. Kula kunakwisha kabla ya isha, na vyombo vinaoshwa na wale ambao hawakupika.

Tarawehe msikitini humalizika kama saa 3 usiku, ikitegemea ni rakaa 8 au 20. Mwanamke aliyechoka anaweza kuziswali nyumbani. Saa 4 taa zizimwe. Kutoka hapo hadi saa 10:15 ni saa sita na robo za usingizi wa mfululizo, ambazo hazipatikani kwa mtu anayekesha na runinga akisubiri daku. Chai ya rangi baada ya tarawehe nayo huufukuza usingizi huo. Anayeipenda ainywe mara baada ya kufuturu.

Mchana kuna kailula. Baada ya adhuhuri, mama wa Kariakoo anajiegemeza nyuma ya duka kwa dakika 20. Akizidisha nusu saa huamka mzito kuliko alivyolala, na alasiri yote anapiga miayo.

Ukiitazama ratiba hii, utaona kwamba haimtaki mama awe na mbio zaidi. Inataka mikono mingine. Baba anayefika nyumbani saa 11 jioni na kukaa barazani hadi adhana anaweza kukuna nazi mbili. Kijana anaweza kuloweka mbaazi na kumenya muhogo usiku. Wakifanya hivyo, mama naye atawahi kulala saa 4. Wanaofunga pamoja nyumba moja, na wapike pamoja.