Flaiwili: jinsi mota ndogo inavyotoboa chuma kinene

Kibati cha mota kimeandikwa kilowati 1.5, yaani farasi 2 kwa hesabu ya zamani. Fundi mmoja anaibeba bila kuita msaidizi. Lakini mota hiyo inaendesha presi ambayo kila baada ya sekunde 2 inateremsha panchi na kutoa tundu la milimita 25 katika bamba la chuma laini lenye unene wa milimita 10, bamba la aina inayowekwa chini ya nguzo za majengo ya chuma. Panchi ile inalisukuma bamba kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 28.

Tani hizo hazikutoka hewani. Mzingo wa tundu la milimita 25 ni kama milimita 78.5, na ukiuzidisha kwa unene wa bamba unapata milimita za mraba 785 za chuma kinachotakiwa kukatwa kwa mkupuo mmoja. Chuma laini hukataa kukatwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Zidisha, unapata nyutoni 275,000, na hizo ndizo tani 28. Nguvu hiyo haidumu mpaka mwisho, kwa sababu bamba hupasuka kabla panchi haijafika chini. Kwa hiyo mafundi huchukua nusu yake na kuizidisha kwa unene wa bamba. Jibu ni karibu juli 1,400 kwa kila tundu.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kusumbua. Juli 1,400 zikigawanywa kwa sekunde 2 ni wati 700 tu, kazi ambayo mota yetu inaimudu hata ukiongeza msuguano wa mikanda na beringi. Shida ni kwamba juli hizo hazitakiwi kidogo kidogo. Kati ya zile sekunde 2, panchi hukutana na chuma kwa muda wa sehemu mbili za kumi za sekunde. Muda uliobaki inapanda, inazunguka na kushuka tena bila kukata kitu. Juli 1,400 ndani ya muda mfupi namna hiyo ni wati 7,000. Mota ikiachiwa kazi hiyo peke yake, itafanya kazi ya wati 7,000 kwa kitambo kidogo, kisha ikae karibu bure mara tisa ya kitambo hicho.

Mtu anaweza kusema si neno, mota inapumzika vya kutosha. Nyaya za mota hazihesabu hivyo. Joto ndani ya nyaya hukua kwa kipeo cha pili cha umeme unaopita: umeme ukiongezeka mara kumi, joto huongezeka mara mia. Hata kama mateso hayo yanadumu sehemu moja ya kumi ya muda, bado mota inapata joto mara kumi zaidi ya lile ambalo ingepata kama ingefanya kazi ile ile polepole, bila kupumzika. Mwisho wa safari hiyo ni kwa fundi wa kusuka mota.

Suluhisho lake ni la zamani kuliko mota yenyewe. Kati ya mota na panchi hufungwa gurudumu zito la chuma, flaiwili, na mota hupewa kazi moja tu: kulizungusha. Chukulia tangi la maji juu ya paa. Pampu ndogo inalijaza taratibu siku nzima, na jioni mabomba yote ya nyumba yanafunguliwa kwa pamoja na maji yanatosha. Flaiwili inaweka nguvu kwa namna hiyo, ila kina chake hakipimwi kwa futi bali kwa mwendo. Ikizunguka kasi imejaa, na ikipunguza mwendo maana yake imetoa.

Tuipimie presi yetu gurudumu. Wakati panchi inakata, mota inaendelea kutoa wati zake 700, ambazo katika muda ule mfupi ni juli 140. Zinazobaki, juli 1,260, zitoke kwenye gurudumu. Tuseme gurudumu linazunguka mara 300 kwa dakika na tumekubali lishuke mpaka 255, yaani asilimia 15. Nguvu iliyomo ndani ya gurudumu nayo hufuata kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kushuka kwa asilimia 15 za mwendo kunatoa karibu asilimia 28 ya akiba yote. Ili asilimia 28 iwe juli 1,260, gurudumu linahitaji kubeba juli zipatazo 4,500. Hilo ni gurudumu ambalo ukingo wake una kilo 75 hivi na uko sentimita 35 kutoka katikati. Nasema ukingo kwa sababu uzito ulio karibu na shafti hausaidii kitu cha maana, na ndiyo sababu flaiwili nyingi za zamani zina mikono myembamba na mzunguko mnene wa chuma chumvi kwa nje. Ukilifunga gurudumu kwenye shafti inayozunguka mara 600 badala ya 300, uzito unaohitajika unashuka mpaka robo.

Mpaka hapa vitabu na mafundi wanakubaliana. Linalosahaulika sana karakana ni kwamba gurudumu haliwezi kutoa hata juli moja bila kupunguza mwendo, na anayeamua kama litapunguza mwendo ni mota.

Mota ya kawaida ya umeme wa hezi 50 yenye ncha nne hujaribu kukimbilia mizunguko 1,500 kwa dakika. Ikiwa na mzigo wake kamili hubaki nyuma kidogo, labda 1,440, na kadiri inavyobaki nyuma ndivyo inavyovuta umeme zaidi ili kurudi. Tofauti hiyo mafundi huiita slipu. Mota yenye slipu ndogo ni ngumu shingo: gurudumu likianza kulegea kidogo tu, yenyewe imeshavamia mzigo. Ni kama pampu yenye nguvu kiasi kwamba maji hayapungui tangini hata bomba zote zikiwa wazi. Tangi lipo, lakini kazi yote inafanywa na pampu. Kwa sababu hiyo presi na krasha nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mota ya slipu kubwa, asilimia 5 mpaka 13, inayokubali kushuka mwendo bila kuhangaika. Mota hiyo inapoteza umeme kiasi kwa joto, na ukiisoma kwenye karatasi inaonekana duni.

Basi mota ya zamani inaungua, na mwenye karakana, kwa nia njema kabisa, ananunua mpya ya kisasa inayosifiwa kwa kubana matumizi. Slipu yake ni ndogo. Presi ni ile ile, gurudumu ni lile lile, mabamba ni yale yale, lakini ovaloudi inaruka kila baada ya dakika chache. Atalaumiwa aliyeuza mota. Kwa mota isiyotaka kushuka zaidi ya asilimia 6, gurudumu letu la kilo 75 lingetakiwa kuwa na kilo 180 kwa kazi ile ile.

Kosa la pili ni kuharakisha kazi. Oda ikiwa kubwa, mtu hubadilisha puli ili presi ipige haraka zaidi, au huweka bamba nene kuliko lililokusudiwa. Gurudumu halipati muda wa kurudi mwendo wake. Pigo la kwanza linaanza na mizunguko 300, la pili linaanza na 290, la tatu chini ya hapo, na baada ya mapigo kadhaa panchi inanasa katikati ya bamba.

Dalili zake zinaonekana kwa mita ya kubana waya, ile ya mshale ikiwa bora kuliko ya tarakimu, kwa kuwa tarakimu hukurupuka na hazisomeki. Mashine ikiwa sawa, mshale hupanda panchi inapokata, kisha huteremka taratibu gurudumu linapojazwa tena, na huwa umetulia kabla ya pigo linalofuata. Mshale ukirukia juu sana kwa ghafla na kuanguka papo hapo, mota inabeba mzigo yenyewe. Ukikutwa bado uko juu pigo jipya linapoanza, gurudumu halijai. Asiye na mita asikilize mikanda: ikilia kila pigo na kung'aa ubavuni, gurudumu linashuka mwendo kuliko mkanda unavyoweza kuvumilia. Taa za karakana kufifia kwa kila tundu nazo ni ushahidi, hasa mahali panapotumia jenereta.

Wapo wanaotarajia gurudumu lipunguze bili. Kwa wateja wakubwa wanaotozwa kwa kiwango cha juu cha matumizi, faida hiyo ni ndogo, maana mita huchukua wastani wa dakika nyingi, na pigo la sehemu ya sekunde limo ndani ya wastani huo liwepo gurudumu lisiwepo. Faida iko kwenye mota ndogo, nyaya nyembamba na volti zisizoyumba.

Akiba ya gurudumu ina upande mwingine. Ukizima swichi, zile juli 4,500 bado zimo, na zinatosha kutoboa matundu matatu zaidi bila umeme wowote. Aliyepoteza kidole kwenye presi iliyozimwa hakuibiwa na umeme. Gurudumu lisimame kabisa, na kigingi kiwekwe chini ya panchi, kabla ya mkono kuingia.

Mashine pia inaweza kuumia kwa akiba hiyo hiyo. Ikiwa mabamba mawili yameachwa ndani kwa bahati mbaya na panchi inakwama karibu na chini, gurudumu halina pa kutulia. Juli 4,500 zikimalizwa ndani ya milimita 2 ni nguvu ya tani zinazokaribia 230, kwenye mashine iliyojengwa kwa tani 30. Ndipo mashine hizi hupewa kiungo dhaifu kwa makusudi. Katika krasha ya taya, ambayo Eli Whitney Blake wa Connecticut, Marekani, aliipatia hataza mwaka 1858, kiungo hicho ni bamba la kuegemeza lililo nyuma ya taya. Taya hubana mawe nusu ya mzunguko na nusu nyingine hurudi nyuma mawe yashuke, kwa hiyo magurudumu mawili mazito, moja kila ubavu, hulisha nusu ya kwanza na kujazwa katika nusu ya pili. Likidondoka humo jino la ndoo ya ekskaveta, bamba linapasuka na fremu inapona.

Kwenye presi ni pini ya chuma laini inayounganisha gurudumu na shafti. Ikikatika mara mbili kwa wiki, mtu huchoka na kuweka bolti ngumu mahali pake. Bolti hiyo haitakatika. Itakayokatika ni shafti ya kombo. Pini ya badala iwe ya chuma kile kile na kipenyo kile kile, na inayokatika mara kwa mara ipeleke kwanza macho kwenye panchi: ikiwa butu, nguvu ya kutoboa imeshapita zile tani 28 tulizoanza nazo.