Asilimia Mbili Iliyo Ghali Kuliko Tatu

Tuchukue muuza leso wa Barabara ya Biashara, Mombasa, anayetaka kuongeza mzigo kabla ya Idi. Anahitaji shilingi 30,000, azilipe kwa miezi 6. Mkopeshaji wa kwanza anamtajia riba ya asilimia 2 kwa mwezi, wa pili asilimia 3. Wengi watamkimbilia wa kwanza, na hapo ndipo wanapoliwa.

Ile asilimia 2 ni ya flati. Kila mwezi anatozwa 600 kwa mkopo wote, hata mwezi wa sita ambapo deni limebaki 5,000. Riba inafika 3,600. Tena kuna ada ya mkopo 900 na bima 300, zinazokatwa mwanzoni, kwa hiyo mkononi anapokea 28,800. Gharama yote ni 4,800. Wa pili anatoza riba kwa deni lililobaki tu. Mama huyu akipunguza deni kwa 5,000 kila mwezi, riba inaanza 900 na kushuka hadi 150, jumla 3,150. Ongeza ada ya 300, gharama ni 3,450. Uzito wake uko mwanzoni: mwezi wa kwanza atatoa 5,900, wakati yule wa flati anadai 5,600 kila mwezi.

Basi achana na asilimia, uliza maswali mawili: nitapokea ngapi mkononi, na nitarudisha ngapi kwa jumla? Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza mtoa huduma za benki au mikopo midogo kutoza ada, iitwe jina lolote, ambayo mteja hakujulishwa kabla. Hilo "jina lolote" lina maana hata Mji wa Kale, ambako wengi hukwepa riba na kuchukua murabaha: nayo faida na ada zake zijulikane kabla ya saini.

Kwenye kudai, kanuni kali ni zile za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa simu. Haziruhusu vitisho, matusi, wala kuchukua namba zilizo kwenye simu yako ili kuwatangazia jamaa deni lako. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu hivyo. Ukipata ujumbe wa aina hiyo, usiufute. Piga picha ya skrini yenye namba na tarehe, na umwombe aliyetumiwa naye auhifadhi wake.

Lakini mdhamini ni jambo jingine. Wenzako wa chama waliotia saini kukudhamini wanaweza kupigiwa simu na kudaiwa. Shemeji ambaye namba yake ilikuwa tu kwenye simu yako hahusiki.