Kerma na Dozi Iliyofyonzwa katika Mwale wa Kobalti-60

Katika mwale wa kobalti-60, uliotumika kwa miaka mingi kutibu wagonjwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, fotoni huzipa kwanza elektroni nishati yao. Nishati inayohamishwa hivyo katika kila kilo ya maada huitwa kerma. Elektroni husafiri milimita kadhaa zikiiacha nishati hiyo njiani. Inayobaki mahali pa kipimo ndiyo dozi iliyofyonzwa.

Karibu na uso wa maji dozi huwa chini ya kerma, kwa kuwa elektroni zinazoondoka hazifidiwi na zinazoingia. Usawa wa chembe zenye chaji hufikiwa kwenye kina cha takriban sentimita 0.5; kisha dozi huizidi kerma kidogo, na zote hupungua sambamba.

Chemba ya ioni ikipima juu ya kina hicho, mashine huonekana dhaifu. Muda wa tiba ukirefushwa kufidia, mgonjwa hupokea dozi ya ziada. Dalili ya kosa ni usomaji kupanda chemba inapoteremshwa. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki wa mwaka 2000 huelekeza upimaji ufanyike kwenye sentimita 5 au 10.