Chanzo cha volteji na chanzo cha mkondo

Chanzo cha volteji na chanzo cha mkondo ni aina mbili za vyanzo vya umeme zinazotumika katika kuchambua saketi. Chanzo cha volteji hushikilia volteji ileile kati ya ncha zake mbili, na mkondo unaopita hutegemea mzigo uliounganishwa. Chanzo cha mkondo hufanya kinyume: hushikilia mkondo uleule, na volteji kati ya ncha zake ndiyo inayotegemea mzigo. *Mzigo* ni kifaa chochote kinachopokea umeme kutoka kwenye chanzo, kama vile taa, pasi au kikinzani.

Mfano wa karibu wa chanzo cha volteji ni betri ya gari. Mfano wa karibu wa chanzo cha mkondo ni paneli ya sola iliyo juani. Vifaa hivi viwili vinaweza kutoa umeme uliolingana kabisa kwenye mzigo mmoja, kisha vikatofautiana sana mara tu mzigo unapobadilishwa.

## Mzigo mmoja, vyanzo viwili

Kanuni ya Ohm inasema kwamba volteji kwenye kikinzani ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani:

V = I × R

Kanuni hii ina viwango vitatu. Mzigo unaamua kimoja tu, yaani R. Chanzo kinaamua kingine: chanzo cha volteji kinaamua V, na chanzo cha mkondo kinaamua I. Kiwango cha tatu hupatikana kwa hesabu. Tofauti yote kati ya vyanzo hivi inatokana na hapo.

Tuseme tuna chanzo cha volti 12 na chanzo kingine cha ampea 6, vyote vikiwa kamili, yaani visivyo na kasoro yoyote. Kila kimoja kinaunganishwa na kikinzani cha omu 2. Chanzo cha kwanza kinatoa volti 12, hivyo mkondo ni 12 ÷ 2 = ampea 6. Chanzo cha pili kinatoa ampea 6, hivyo volteji ni 6 × 2 = volti 12. Nguvu inayopokewa na mzigo ni wati 72 katika hali zote mbili. Mtu anayepima kwenye ncha za kikinzani hawezi kujua ni chanzo kipi kilichounganishwa.

Ili kuvitambua, ni lazima kubadili mzigo. Jedwali hili linaonyesha kinachotokea ukinzani ukipunguzwa kwa nusu, na pia ukiongezwa mara mbili:

| Mzigo | Chanzo cha volti 12 | Chanzo cha ampea 6 |
|---|---|---|
| Omu 1 | 12 V, 12 A, 144 W | 6 V, 6 A, 36 W |
| Omu 2 | 12 V, 6 A, 72 W | 12 V, 6 A, 72 W |
| Omu 4 | 12 V, 3 A, 36 W | 24 V, 6 A, 144 W |

Kwa chanzo cha volteji, mzigo wenye ukinzani mdogo ndio unaopokea nguvu nyingi. Kwa chanzo cha mkondo, mzigo wenye ukinzani mkubwa ndio unaopokea nguvu nyingi. Kwa hiyo usemi kwamba "ukinzani ukiongezeka joto hupungua" ni kweli kwa chanzo cha volteji tu.

## Shoti na saketi iliyokatika

Tofauti huonekana zaidi kwenye hali mbili za mwisho. Katika *shoti*, ncha za chanzo huunganishwa kwa waya wenye ukinzani unaokaribia sifuri. Katika *saketi iliyokatika*, hakuna njia yoyote ya mkondo kupita, na ukinzani unaweza kuhesabiwa kuwa hauna kikomo.

Chanzo cha volteji hakipati shida yoyote saketi ikikatika: volti 12 zipo, mkondo ni sifuri, na hakuna nguvu inayotumika. Hatari yake ni shoti. Hapo volti 12 zinagawanywa kwa ukinzani unaokaribia sifuri, na mkondo hupanda bila mipaka.

Kwa chanzo cha mkondo mambo hugeuka. Katika shoti, ampea 6 zinapita kama kawaida, volteji ni sifuri, na mzigo haupati nguvu yoyote. Hali isiyowezekana ni saketi iliyokatika, kwa sababu chanzo kamili kingelazimika kupandisha volteji bila mwisho ili kusukuma ampea 6 mahali ambapo hapapitiki.

Hii ndiyo sababu ya kanuni ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuielewa. Katika kuchambua saketi yenye vyanzo kadhaa, chanzo cha volteji "huzimwa" kwa kuweka waya mahali pake, na chanzo cha mkondo "huzimwa" kwa kuacha pengo. Volti sifuri ni sawa na waya. Ampea sifuri ni sawa na pengo.

## Kwa nini betri hushikilia volteji

Volteji ni nishati ambayo kila kulombi ya chaji hubeba. Volti 12 maana yake ni jouli 12 kwa kila kulombi. Ndani ya betri, kiasi hicho huamuliwa na kemia: risasi, oksidi ya risasi na asidi hutoa nishati ileile kwa kila elektroni inayohamishwa. Mzigo ukihitaji mkondo zaidi, mmenyuko wa kemikali huenda kwa kasi zaidi, lakini nishati kwa kila elektroni haibadiliki.

Betri halisi ina *ukinzani wa ndani*, ambao huchorwa kama kikinzani kidogo kilichofuatana na chanzo kamili. Tuchukue betri ya gari yenye volti 12.6 na ukinzani wa ndani wa omu 0.01. Ikiunganishwa na mzigo wa omu 2, mkondo ni 12.6 ÷ 2.01 = ampea 6.27, na mzigo unapata volti 12.54. Kwa mzigo wa omu 1, mkondo ni ampea 12.48 na volteji ni 12.48. Mkondo umekaribia kuongezeka mara mbili huku volteji ikishuka kwa volti 0.06 tu.

Katika shoti, ukinzani uliobaki ni ule wa ndani peke yake: 12.6 ÷ 0.01 = ampea 1,260. Ndiyo maana spana ikigusa ncha zote mbili za betri hutoa cheche kali na inaweza kuyeyuka mahali ilipogusa.

## Kwa nini paneli ya sola hushikilia mkondo

Katika paneli ya sola, kinachoamuliwa mapema ni idadi ya elektroni. Kila fotoni ya mwanga inayofyonzwa na silikoni huachilia elektroni moja. Mwanga usipobadilika, idadi ya elektroni zinazoachiliwa kila sekunde haibadiliki, na mkondo ni idadi hiyo hasa. Kupunguza ukinzani wa mzigo hakuwezi kuongeza elektroni, kwa kuwa hakuongezi fotoni.

Tuchukue paneli ambayo kwenye jua kali hutoa ampea 6 ikiwa katika shoti, na volti 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Kwa mzigo wa omu 2, inatoa karibu ampea 6 na volti 12, karibu sawa na betri iliyotajwa hapo juu. Kwa mzigo wa omu 1, bado ni karibu ampea 6, lakini volteji imeshuka hadi volti 6. Betri ilitoa wati 156 kwenye mzigo huo; paneli inatoa wati 36 tu. Wingu likipunguza mwanga kwa nusu, mkondo nao hupungua hadi ampea 3 hivi.

Paneli si chanzo kamili cha mkondo. Kwa mzigo wa omu 4, chanzo kamili kingetoa volti 24, lakini paneli hii haiwezi kuvuka volti 22. Seli zake ni diodi, na volteji inapopanda, sehemu ya mkondo huanza kurudi kupitia diodi zenyewe badala ya kwenda kwenye mzigo. Hivyo kwenye omu 4 mkondo hushuka chini ya ampea 6. Kwenye omu 20, paneli hutoa karibu volti 21 na ampea 1 hivi, na volteji yake haibadiliki sana mzigo ukiongezwa zaidi. Katika eneo hilo tabia yake inafanana zaidi na chanzo cha volteji.

Kila chanzo halisi cha mkondo kina kikomo cha volteji cha namna hii. Mkondo hubaki thabiti mradi tu volteji inayohitajiwa na mzigo iwe chini ya kikomo hicho.

## Ni suala la uwiano

Chanzo cha volteji kinaweza kufanywa kiwe na tabia ya chanzo cha mkondo kwa kukifuatanisha na kikinzani kikubwa. Chukua volti 100 na kikinzani cha omu 100,000. Mzigo ukiwa omu 0, mkondo ni miliampea 1. Mzigo ukiwa omu 1,000, mkondo ni 100 ÷ 101,000 = miliampea 0.99. Mzigo umebadilika sana, lakini mkondo umepungua kwa asilimia 1 tu, kwa sababu ukinzani unaotawala ni ule wa chanzo.

Kwa hiyo jina linalokifaa chanzo hutokana na kulinganisha ukinzani wake wa ndani na ule wa mzigo. Ukinzani wa ndani ukiwa mdogo sana kuliko mzigo, ni chanzo cha volteji. Ukiwa mkubwa sana kuliko mzigo, ni chanzo cha mkondo. Ukikaribiana na mzigo, volteji na mkondo vyote viwili hubadilika, na hakuna jina kati ya hayo linaloeleza vizuri.

Mfaransa Léon Charles Thévenin alionyesha mwaka 1883 kwamba saketi ya vyanzo na vikinzani inaweza kuwakilishwa na chanzo kimoja cha volteji na kikinzani kilichofuatana nacho. Mwaka 1926 Mmarekani Edward Lawry Norton alieleza umbo la pili: chanzo cha mkondo na kikinzani kilicho sambamba nacho. Maumbo haya yanatoa majibu yaleyale kwenye mzigo. Betri ya gari inaweza kuchorwa kama chanzo cha ampea 1,260 chenye omu 0.01 sambamba. Mchoro huo ni sahihi kihesabu, lakini kwa mzigo wa omu 2 karibu ampea zote zinapita kwenye kikinzani cha ndani, hivyo umbo la volteji ndilo linaloeleweka kwa urahisi.

## Athari katika matumizi

Taa za nyumbani huunganishwa sambamba kwa sababu mtandao wa umeme ni chanzo cha volteji. Taa ya pili ikiwashwa, ya kwanza haififii, kwa kuwa volteji yake ni ileile. Kama chanzo kingekuwa cha mkondo, taa mbili sambamba zingegawana mkondo uleule na zote zingefifia.

Tofauti hii huathiri pia upimaji. Ammita ina ukinzani mdogo sana, hivyo kuiunganisha moja kwa moja kwenye ncha za betri ni sawa na kupiga shoti. Fyuzi yake hukatika, au ammita huungua. Kwa paneli moja ndogo ya sola, ammita yenye kipimo cha ampea 10 inaweza kuunganishwa moja kwa moja kusoma mkondo wa shoti wa ampea 6, na ndivyo mafundi wanavyoipima. Haifai kufanya hivyo kwa paneli nyingi zilizounganishwa pamoja, kwa sababu mikondo ya zile zilizo sambamba hujumlishwa, na volteji za zile zilizofuatana hujumlishwa pia.